Mnunuzi Aje Mwenyewe

Kama umewahi kununua kitu dukani kwa Jamali, pale Bukoba mjini, basi Zabibu unamfahamu. Ni yule mwanamke mrefu anayekaa kwenye kona ya kaunta, ushungi umefungwa vizuri, ambaye ukimuuliza kama redio fulani ni nzuri anakujibu, "Inategemea unataka kuifanyia nini." Muuzaji mwingine angekuambia ni nzuri sana, angekufungia kwenye boksi, ukaenda zako. Zabibu atakuuliza kwenu mna umeme wa nguzo au wa sola, nani atakayeitumia, na kama kuna watoto wadogo. Ukichoka na maswali yake ukataka kuondoka, atakuacha uondoke. Wengi hurudi.

Mimi naitwa Protase, ni fundi wa duka hilo hilo. Kazi yangu ni kupanda mapaa ya watu na kufunga madishi, na kwa miaka yote niliyofanya kazi na Zabibu sijawahi kumsikia akimwahidi mteja kitu ambacho hakipo. Hilo peke yake lilitosha kunifanya nimheshimu, maana mtu anayeahidi dukani hapandi paa. Anayepanda paa ni mimi, na anayetukanwa akiwa juu huko ni mimi pia.

Desemba ya mwaka juzi Jamali aliandika tangazo la sikukuu yeye mwenyewe. Lilikuwa na nyota nyingi na maneno makubwa: nunua TV, upate king'amuzi na dishi BURE, tunafunga BURE, popote ulipo! Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, "Vigezo na masharti kuzingatiwa." Vigezo vipi, masharti gani, hakuna aliyejua, hata Jamali hakujua. Alikuwa ameona wenzake wa Dar es Salaam wanaandika hivyo, naye akaandika.

Nikatumwa Kamachumu kwa bibi mmoja anaitwa Anatolia. Nyumba yake iko bondeni, migomba imeizunguka kila upande, na dishi halikuweza kushika mawimbi mpaka lipate nguzo ndefu na waya mrefu kuliko niliokuja nao. Nikamwambia, bibi, nguzo na waya wa ziada ni juu yako. Bibi Anatolia akaenda getini, akafunga kufuli, ufunguo akautia kifuani. "Karatasi yenu imesema bure," akasema, akichanganya na Kihaya. "Bure ni bure, waitu. Hutoki." Nikashinda naye pale nikimenya ndizi, mpaka Jamali alipokubali kwenye simu kutuma nguzo. Ndizi zilikuwa tamu, siwezi kusema uongo, lakini mtu mzima kufungiwa kama mbuzi si jambo la kusahau.

Kwa hiyo mwaka uliopita, Novemba ilipoingia na senene, wale panzi wetu wa kuliwa, wakaanza kuuzwa kila kona, nilimwambia Jamali wazi kwamba kama tangazo litaandikwa tena na yeye, atafute fundi mwingine. Jamali ni mtu mwema ila anapenda sifa. Akanung'unika, kisha akamwita Zabibu. "Haya, mwalimu wa masharti, andika wewe."

Zabibu akaandika. Alikaa na karatasi ile siku nzima, akiuliza kila mtu. Akaniuliza mimi waya tunaobeba ni wa mita ngapi. Akamuuliza Jamali madishi yaliyopo stoo ni mangapi, akaenda kuyahesabu mwenyewe. Alipomaliza, tangazo lilikuwa hivi, na ninalo mpaka leo:

"OFA YA KRISMASI NA MWAKA MPYA. Ukinunua TV ya inchi 32, 43 au 55 kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 31 Desemba, unapata king'amuzi na dishi bila kulipia. Madishi yapo hamsini. Yakiisha kabla ya tarehe, ofa imeisha, na tutabandika mlangoni. Bei ya TV ni ile ile ya Novemba. Hatukuipandisha ili tuishushe.

Kifurushi cha mwezi wa kwanza tunalipa sisi. Miezi inayofuata unalipa wewe. Kufunga ni bure Bukoba mjini na Muleba mjini, pamoja na waya wa mita kumi na tano. Waya unaozidi na nguzo unanunua wewe. Nje ya miji hiyo unalipa nauli ya fundi. Uliza kiasi kabla hujalipia TV. Visiwani fundi wetu hafiki.

Dhamana ni mwaka mmoja, ukiwa na risiti. Radi, maji, kuanguka, na umeme uliozidi nguvu havimo kwenye dhamana. TV inawashwa mbele yako kabla hujatoka dukani. King'amuzi kinasajiliwa kwa jina lako, hivyo mnunuzi aje mwenyewe, na kitambulisho chake."

Jamali akalisoma, akashika kichwa. "Zabibu, unauza au unafukuza watu? Hii ya radi ya nini kwenye Krismasi?"

"Radi ya Bukoba haijui Krismasi," Zabibu akasema.

Hapo nikacheka, kwa sababu mvua zetu anazijua kila mtu. Jamali akaachia radi ipite, akaachia na nguzo. Lakini mstari ule wa mwisho ukamkera. Watu wetu, akasema, hununuliwa TV na watoto wao walioko Dar na Mwanza. Mtoto anatuma hela kwenye simu, anamtuma kondakta wa basi au binamu, mzigo unafika. Huo ndio utaratibu wa Desemba tangu zamani. Sasa ukisema mnunuzi aje mwenyewe, nusu ya wateja umewafungia mlango.

Zabibu alikuwa na jibu. Mwaka ule wa nyota nyingi, waliotumwa walisajili ving'amuzi kwa majina yao wenyewe. Mwenye TV akitaka kulipia kifurushi anaambiwa akaunti si yake. Na TV tatu zilifika zimepasuka kioo, hakuna aliyejua kama zimepasukia dukani au kwenye buti la basi. Yote hayo yalikuwa kweli, na mimi nilikuwa shahidi. Jamali akashindwa, akaenda kuswali.

Mimi sikushindwa. Nilimjua Zabibu. Angeweza kuandika kwamba anayetumwa aje na jina la mwenye mali na nakala ya kitambulisho chake, ikatosha. Yeye ni mtu wa kutafuta njia ya kila mtu kupita, na safari hii hakutafuta. Nikamuuliza. Akaniambia, "Protase, funga madishi yako."

Nilipata jibu kwa Alistidia, mama wa dagaa, anayeleta mzigo kutoka Bumbire na ambaye hana siri tumboni. Aliniambia kuna kijana kule kisiwani ana banda la kuonyesha mpira, TV yake imekufa, anataka kubwa ya inchi 55 kabla ya sikukuu. Kijana anaitwa Ismael. "Mdogo wake huyu wenu," akasema, akielekeza kidevu dukani. "Nimemwambia dada mtu wiki iliyopita. Aliacha kuhesabu chenji yangu, akaanza upya."

Kwamba Zabibu ana mdogo wake nilijua, kama unavyojua mtu ana kovu chini ya nguo. Wazazi wao walifariki Ismael akiwa bado mdogo, Zabibu ndiye aliyemlea, kule kwao Muleba, kwenye kibanja, yaani shamba la migomba, cha baba yao. Alimpikia, akampeleka shule na madrasa, akakataa posa mbili kwa sababu wachumba hawakutaka kuoa mke na mtoto wa kiume kwa mpigo. Ismael alipokua, akauza kipande cha kibanja bila kumwambia, akanunua injini ya boti. Na kipande chenyewe ndicho chenye makaburi ya wazazi. Kwetu Wahaya, awe Mkatoliki awe Mwislamu, kuuza mahali walipolala wazee wako ni jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Zabibu hakulisema kwa sauti ya chini. Alimwambia mbele ya majirani wote, "Usikanyage mlangoni kwangu mpaka mimi mwenyewe nikuite."

Ismael akaondoka. Zabibu akahamia Kashai, hapa Bukoba, akapanga chumba, akapata kazi kwa Jamali. Miaka ikapita, hasira ikapoa, lakini neno lilibaki pale pale lilipowekwa. Ismael hakukanyaga kwa sababu hakuitwa. Zabibu hakuita kwa sababu, sijui kwa nini. Kiburi chetu watu wa huku kinajulikana Tanzania nzima, na watu wanatutania nacho, lakini kikiwa ndani ya nyumba yako hakichekeshi. Nilikuwa namwona, mteja kijana akiingia na kuvua viatu mlangoni kwa adabu, Zabibu anavyoinua uso haraka, kisha anaushusha. Miaka yote hiyo alikuwa anainua uso.

Sasa nikaelewa. Mnunuzi aje mwenyewe. Alikuwa anamwita, bila kumwita.

Jambo lililonihakikishia ni sauti. Matangazo ya gari huwa tunamlipa kijana mmoja wa Kashai, mwenye sauti nzito ya kupiga kelele. Zabibu akakataa. Akasema masharti hayapigiwi kelele, yanasomwa, na atayasoma yeye. Yeye, ambaye kwenye harusi hata vigelegele hapigi! Akajifungia stoo, kati ya maboksi, akasoma kwenye simu. Nilisikiliza nje ya mlango. Alisoma kila mstari kwa utaratibu, mpaka alipofika mwisho. "Hivyo mnunuzi aje mwenyewe," akasema, na sauti ikashuka, ikawa ya mtu anayeongea na mtu mmoja chumbani. Nikaondoka pale mlangoni. Nilijisikia kama nimechungulia.

Mimi na dereva tukaenda na pikapu mpaka Muleba, sauti ya Zabibu ikitangulia barabarani. Tulizunguka sokoni, tukabandika karatasi stendi. Kabla hatujaondoka Bukoba alikuwa ameniambia, akijifanya anapanga rimoti, "Mkipata nafasi, pitieni na mwaloni." Tukapita mwaloni, pale boti za Bumbire zinapopakia. Nikampa nahodha mmoja, Dastan, karatasi kadhaa na kadi ya memori yenye sauti ya Zabibu, kwa kuwa boti yake ina spika na hupiga muziki njia nzima.

Siku chache baadaye Dastan akapita dukani kununua chaja. Zabibu akamuuliza kama kisiwani watu wamelipokea tangazo. Nahodha akasema wamelipokea, karatasi zimekwisha. Zabibu akamfungia chaja, akamrudishia chenji, akashindwa kujizuia. "Na yule mwenye banda la mpira?"

"Ismael? Aliisoma palepale ufukweni. Akaniambia nipige ile sauti tena. Nikaipiga. Kisha akaikunja karatasi akatia mfukoni."

"Hakusema kitu?"

"Hakusema."

Kuanzia siku hiyo Zabibu akawa mtu mwingine. Akaja na hina mikononi. Akanunua kiti cha plastiki kwa ajili ya wateja wanaosubiri, eti watu wanachoka. TV ya inchi 55 moja akaiweka pembeni na kuifuta vumbi kila asubuhi, na mteja mmoja alipoitaka akamtolea nyingine kutoka stoo. Kila boti ilipokuwa na siku ya kuja, alikuwa anaangalia barabara. Nilimtania mara moja tu, "Zabibu, leo umemeremeta, kuna mgeni?" Akanitazama macho yamejaa maji, nikarudi kwenye waya zangu. Sikuwahi kuona mtu anayemtamani mwingine kiasi kile bila kumtaja jina.

Ndipo akaja Vestina.

Vestina ni msichana wa Muleba, mjukuu wa Mzee Byarugaba, mwalimu mstaafu ambaye kiharusi kilimwacha miguu haina nguvu. Aliingia dukani jua kali, hela amezifunga kwenye kitambaa, na kitambulisho cha babu yake mkononi. Mzee alitaka TV ya inchi 32. Kanisani hawezi kufika, akataka asikilize misa ya Krismasi akiwa kitandani. Alikuwa amelisikia tangazo likipita barabarani, akatuma mtu aende kumchukulia karatasi stendi, akaisoma yote.

Zabibu akamsikiliza mpaka mwisho. Akaangalia kitambulisho. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, mama. Hatembei."

Nilikuwa nimesimama pale na koleo mkononi, nikimwangalia Zabibu. Angeweza kusema neno moja tu. Lakini alijua, na mimi nilijua, kwamba akisema neno hilo kwa Vestina, hataweza kumnyima mtu yeyote atakayekuja kutoka Bumbire na kitambulisho cha Ismael. Masharti ni ya wote au si masharti. Yeye ndiye aliyetufundisha hivyo.

"TV utapata," akasema taratibu. "King'amuzi na dishi vinahitaji mwenyewe. Imeandikwa."

Vestina hakubisha. Alifunga tena kitambaa chake, akasema ngoja akamuulize babu, akatoka kwenda stendi. Mimi nikatupa koleo kwenye kaunta.

"Hivi wewe ni mtu?" nikamwambia. "Mzee hana miguu!"

"Imeandikwa, Protase."

"Imeandikwa na nani? Na imeandikiwa nani? Unadhani mimi mjinga? Umeweka mlango wa duka zima kwa kipimo cha mtu mmoja!"

Jamali akatoka ofisini kuuliza kelele za nini, tukasema hakuna kitu.

Jioni, tukiwa tunashusha mapazia ya chuma, simu ya duka ikalia. Alikuwa Mzee Byarugaba. Zabibu aliweka sauti ya nje, kama tunavyofanya mteja akiuliza mambo ya ufundi.

"Mwanangu," mzee akasema, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha darasani, kila neno mahali pake. "Sikupigi kukulaumu. Tangazo lenu nimelisoma, nimelipenda. Nimefundisha miaka mingi, na sijaona duka linalosema ukweli namna ile. Ila nilipofika mwisho nilisikitika kidogo. Mnasema wazi kabisa kwamba mtu kama mimi hamumtaki. Basi, nashukuru kwa kusema wazi."

"Mzee, si hivyo," Zabibu akasema.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mwanangu." Akatutakia heri ya sikukuu, akakata.

Zabibu akabaki ameshika simu. Nilikuwa bado nina hasira naye, lakini ilipungua nilipomwona. Alikaa kwenye kile kiti cha plastiki alichokinunua mwenyewe.

"Yule mzee hakukosea hata neno," akasema. "Niliandika ukweli wote, halafu mwishoni nikaweka haja yangu, nikaipaka rangi ya sharti." Akaiweka simu kwenye kaunta. "Nikiuondoa mstari huo, Protase, atamtuma mtu. Ana mke, ana vijana wa boti. Atamtuma mtu, TV itaondoka, sitamwona."

"Mpigie simu basi. Namba Alistidia anayo."

"Ninayo na mimi."

"Sasa?"

Akatikisa kichwa. Kuna watu wanaweza kuandika bango la duka zima lakini hawawezi kuandika, "Mdogo wangu, njoo." Hasira hasara, wanasema wazee, na kusema kweli hasara yenyewe huwa haiji siku ya hasira. Inakuja baadaye, polepole, kila mwaka kidogo.

Asubuhi yake nilimkuta amekwisha kuandika karatasi mpya. Ilikuwa fupi. "TUMEBADILI SHARTI MOJA LA OFA YETU. Tulisema mnunuzi aje mwenyewe. Tulikosea. Si lazima uje mwenyewe. Mtume mtu unayemwamini, awe na nakala ya kitambulisho chako na namba yako ya simu. Tutakupigia, utatutajia jina lako, na king'amuzi tutakisajili kwa jina lako. TV itawashwa mbele ya uliyemtuma. Masharti mengine yote yanabaki kama yalivyokuwa. Aliyekwisha kurudishwa kwa sababu ya sharti hilo, ofa yake ipo."

Jamali alipoona neno "tulikosea" nusura azimie. Duka halisemi limekosea, akasema, duka linasema limeboresha. Zabibu akamwambia kwamba lililoboreshwa lilikuwa zuri tangu mwanzo, na hili halikuwa zuri. Akaingia tena stoo kwenye maboksi, akalisoma kwa sauti yake ile ile, maana aliona si haki watu wasikie sharti kwa sauti moja na wasikie limeondolewa kwa sauti nyingine. Safari hii sikusikiliza mlangoni. Nilibeba TV ya Mzee Byarugaba mpaka Muleba, nikamfungia dishi, nikazunguka na pikapu, nikapita mwaloni nikampa Dastan kadi mpya. Zabibu mwenyewe ndiye aliyesema nisisahau mwaloni.

Baada ya hapo hakuangalia tena barabara. Alifanya kazi tu. Wateja wakajaa, Jamali akasahau kuzimia. Watu wa Dar walituma hela, makondakta wakaja na nakala za vitambulisho, simu zikapigwa, majina yakatajwa. Madishi yakapungua stoo. Ile TV ya inchi 55 ilibaki pale pembeni, na kuifuta vumbi hakuacha.

Siku mbili kabla ya Krismasi akaingia mwanamke mweusi mfupi, khanga imelowa maji ya ziwani, amebeba mtoto mgongoni. Akasalimia kwa heshima, akatoa nakala ya kitambulisho kwenye mfuko wa nailoni. Zabibu akaipokea. Picha ilikuwa ya Ismael, mtu mzima sasa, ana ndevu.

"Wewe ni nani wake?" Zabibu akauliza.

"Mkewe. Naitwa Mwamvita." Akapiga goti kidogo, kama wanavyofanya wake wa kaka mbele ya mawifi. "Shikamoo, wifi."

"Marahaba."

Zabibu akafanya kazi yake. Akaishusha TV, akaiwasha mbele ya Mwamvita, akamwonyesha pembe zote nne za kioo, akaeleza radi, akaeleza dhamana. Alimweleza kwamba kisiwani fundi hafiki, kwa hiyo mimi nitamchorea Ismael jinsi ya kuelekeza dishi. Kila kitu kwa utaratibu wake. Ilipofika zamu ya kumpigia mwenye mali atutajie jina, Mwamvita akasema huko bandani mtandao hakuna, mpaka mtu apande kilimani, na jioni ndiyo Ismael hupanda.

"Basi tutasajili jioni," Zabibu akasema. Kisha akauliza, huku anakunja risiti, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Yeye hakutaka kuja?"

Mwamvita akamtazama kwa mshangao.

"Alitaka, wifi. Alipoisikia sauti yako mara ya kwanza, hakulala. Alisema, dada ameniita. Amesema nije mwenyewe. Akanyoa, akafua kanzu yake, akaagiza samaki mkubwa wa kukuletea, akaushwe vizuri. Tulikuwa tuje wote." Akamrekebisha mtoto mgongoni. "Tukafika mpaka kwenye boti. Tumeshapanda. Dastan akapiga spika, ikawa ile sauti yako ya pili. Si lazima uje mwenyewe, mtume mtu. Ismael akasikiliza mpaka mwisho. Akashuka majini na kanzu yake. Akasema, dada amefikiri tena. Hataki nije. Nenda wewe, Mwamvita, umpe samaki."

Dukani kulikuwa na wateja wengine watatu, na Jamali, na mimi. Zabibu alikuwa ameshika kaunta kwa mikono miwili.

"Mimi nimesema hivyo?" akauliza.

"Ilikuwa sauti yako, wifi."

Akaomba simu ya Mwamvita, maana namba yake yeye Ismael hakuwa nayo. Mwamvita akamfungulia WhatsApp, akamwekea jina la Ismael. Zabibu akabonyeza kurekodi, akaachia, akafuta. Akabonyeza tena, akafuta. Mara ya tatu akageukia ukutani, na wote tukasikia, maana hakujali tena nani anasikia. "Ismael. Ni mimi dada yako. Nakuita. Njoo mwanangu, njoo." Akatuma.

Alama ikatokea moja tu, ya kijivu: ujumbe umeondoka, haujafika. Tukaiangalia. Zabibu akauliza kilima chenyewe kiko mbali na banda, na jua likiwa wapi ndipo Ismael hupanda, na kama akiwa na huzuni hupanda au hapandi. Mwamvita akajibu kwa kadiri alivyojua. Nikafunga TV kwenye boksi, nikaipakia kwenye pikapu pamoja na dishi, nikarudi, na Zabibu alikuwa bado amesimama pale pale, simu kwenye kiganja, kidole gumba kikiigusa kila ilipotaka kuzimika.

"Wifi," Mwamvita akasema kwa upole, mkono ameunyoosha, "naomba simu yangu. Boti itaniacha."